Askari mmoja wa Los Santos: hadithi ya gemu inapogombana na vitufe vyake

Kwenye vibanda vya gemu kuna ubishi usiokwisha. Mmoja anasema hadithi ya gemu fulani ni kali, inagusa moyo. Mwingine anamjibu kwamba hadithi hiyo haina maana, kwa sababu mhusika anayelia kwenye sinema ndiye huyo huyo aliyetoka kugonga watu ishirini na gari bila hata kugeuka nyuma. Wa tatu anawafunga wote mdomo: "Hii ni gemu tu, mnabishania nini?" Siku hizi ubishi umehamia pia mitandaoni, watu wanarushiana maneno makubwa, na nimeona neno "kujipinga" likitumika kwa kila kitu ambacho mchezaji hakukipenda. Kwa hiyo tuanze taratibu: kinachogongana ni nini hasa, na tutajuaje kwamba kweli kimegongana?

Karibu kila gemu yenye visa inazungumza kwa sauti mbili. Ya kwanza ni hadithi: vile vipande vya sinema vinavyokuja kati ya misheni, yaani kazi unazopewa na gemu, mazungumzo ya wahusika, na sababu zinazotolewa za kwa nini upo hapo na unatafuta nini. Sauti ya pili ni kanuni za uchezaji. Hapa simaanishi maelekezo yanayotokea kwenye skrini peke yake. Namaanisha kila kitu ambacho vitufe vinakuruhusu kukifanya, pamoja na jibu ambalo gemu inakupa baada ya kukifanya. Ukipiga risasi, nini kinatokea? Ukiiba gari, unalipa nini? Ukifa, unapoteza nini? Hadithi inakuambia dunia ya gemu ikoje, na kanuni zinakufanya uishi ndani yake.

Fikiria duka la mtaani lenye kibao juu ya dirisha: "Mkopo leo hakuna, njoo kesho." Chini ya kaunta kuna daftari lenye majina ya nusu ya mtaa, unga kilo mbili, sukari robo, vocha. Mgeni akifika ataamini kibao. Mwenyeji anajua daftari ndilo linalosema kweli, kwa sababu ndilo linaloamua nani analala na nini. Kwenye gemu, hadithi ndiyo kibao na kanuni ndiyo daftari. Saa ya kwanza mchezaji anasoma kibao. Akifika saa ya kumi, ameshalijua daftari kwa vidole vyake, na vikipingana, hawezi tena kuamini kibao hata kama kimeandikwa vizuri kiasi gani.

Jambo hili lilipata jina rasmi mwaka 2007. Clint Hocking, mbunifu wa gemu kutoka Kanada, aliandika uhakiki wa gemu ya BioShock iliyokuwa imetoka mwaka huo. Hoja yake ilikuwa kwamba kanuni za BioShock zilimwalika mchezaji ajipendelee mwenyewe na ajiongezee nguvu, huku hadithi ikimlazimisha kumsaidia mtu mwingine bila kumpa nafasi ya kukataa. Jina alilolipa ni "ludonarrative dissonance", na kwa Kiswahili tunaweza kuuita mgongano wa hadithi na uchezaji. Tangu hapo neno limesambaa mpaka watengenezaji wenyewe wakaanza kulitania: mwaka 2016, Uncharted 4 ilimpa tuzo yenye jina hilo mchezaji aliyefikisha maadui 1,000 aliowaua, na hiyo ni gemu ambayo shujaa wake anaoneshwa kuwa mtu mcheshi mwenye roho nzuri.

Sitaki kuzurura kwenye gemu kumi. Nachukua moja ambayo msomaji wa huku kwetu ana uwezekano mkubwa wa kuwa ameishika mwenyewe, GTA San Andreas, na ndani yake nachukua jambo moja tu: kifo cha askari.

San Andreas ilitoka Oktoba 2004 kwa ajili ya PlayStation 2, ikarudi tena kwenye simu mwaka 2013, na hadithi yake inatokea mwaka 1992. Carl Johnson, yaani CJ, amekaa miaka mitano Liberty City na sasa anarudi nyumbani Los Santos kumzika mama yake aliyeuawa. Bado hajafika hata mtaani kwao. Teksi aliyopanda kutoka uwanja wa ndege inasimamishwa na askari watatu: Tenpenny, Pulaski na Hernandez. Wanamnyang'anya pesa zake. Kisha Tenpenny anamwonesha bunduki na kumwambia kwamba imetumika kumuua askari Pendelbury dakika kumi zilizopita, na kwamba muuaji ni yeye, CJ. Ukweli ni kwamba waliomuua ni wao, kwa sababu Pendelbury alikuwa tayari kuwafichua. CJ anajitetea kwamba ndiyo kwanza ameshuka kwenye ndege. Haisaidii. Wanamtupa katikati ya eneo la Ballas, maadui wa mtaa wake, na wanamwacha na ujumbe ulio wazi: kesi ya askari iko mfukoni mwetu, tukikuhitaji utakuja.

Tukio hili ndilo msumari ambao sehemu kubwa ya hadithi imening'inizwa. CJ akimwona Tenpenny ananywea. Anatukanwa na anameza. Mwandishi anataka tuamini kwamba huyu kijana, ambaye haogopi genge lolote, amefungwa mikono na kitu kimoja tu, kesi ya kuua askari mmoja. Na tunaamini kwa urahisi, kwa sababu mambo haya hayakutungwa hewani. Kikosi cha Tenpenny, C.R.A.S.H., kimepewa jina la kikosi halisi cha polisi wa Los Angeles, ambacho mwishoni mwa miaka ya 1990 kilihusishwa na kashfa kubwa ya askari kubambikia watu ushahidi. Ghasia zinazofunga gemu zinatukumbusha zile za Los Angeles za Aprili 1992, baada ya askari waliompiga Rodney King kuachiwa na mahakama. Kibao cha duka hili kimeandikwa kwa herufi nzito.

Sasa tufungue daftari.

CJ amefika Grove Street, mtaani kwao, sinema imekwisha, na pedi iko mikononi mwako. Kona ya pili kuna askari wa doria. Ukimpiga risasi, juu kulia kwenye skrini zinawaka nyota za kutafutwa. Ukiendelea na wenzake zitaongezeka, kwa nne wanakuja wale wa kikosi maalumu, kwa tano wanakuja wa serikali kuu, na kwa sita linakuja jeshi na vifaru. Hapo inaonekana kama vile gemu nayo imechukulia jambo hili kwa uzito. Lakini uzito wa kitu kwenye gemu haupimwi kwa kelele zinazopigwa wakati kinatokea. Unapimwa kwa kile kinachobaki baada ya kelele kwisha.

Hebu tuone kinachobaki. Una njia tatu. Ya kwanza ni kuingiza gari kwenye karakana ya Pay 'n' Spray, na iliyo karibu na nyumbani iko Idlewood. Mlango unashuka, gari linapakwa rangi nyingine, unalipa dola 100, na ukitoka nyota zinapepesa halafu zinafutika mradi usifanye kosa jipya mbele ya macho yao. Njia ya pili ni kuuawa. Skrini inaandika WASTED, unazinduka nje ya hospitali, umepungukiwa silaha na pesa kidogo. Njia ya tatu ni kukamatwa. Skrini inaandika BUSTED, na sekunde chache baadaye umesimama nje ya kituo cha polisi. Silaha wamechukua, na pesa kiasi. Hakuna mahakama wala wakili, na hakuna kesi iliyoandikwa popote. Hata hilo la silaha lina dawa yake, kwani baadaye CJ akiwa na uhusiano na Barbara, mwanamke ambaye ni askari, anatoka kituoni na bunduki zake zote begani.

Kwa hiyo tuna bei mbili za kitu kimoja. Kwenye hadithi, askari mmoja aliyekufa anagharimu uhuru wa mtu kwa miezi. Kwenye kanuni, askari kumi waliokufa wanagharimu rangi ya gari. Na tofauti na duka la mtaani, hapa mteja ni yule yule, siku ni ile ile, barabara ni ile ile. Mchezaji anaweza kumaliza kikosi kizima saa nne, akapaka gari rangi, na saa nne na robo akaingia kwenye sinema ambamo CJ anatetemeka kwa ajili ya Pendelbury.

Kuna kipimo kingine ndani ya daftari hilo hilo ambacho watu wengi wamekipitia bila kukisoma. Mwanzoni mwa gemu umefungiwa Los Santos. Madaraja na barabara za kwenda mikoa mingine hazijafunguliwa. Ukilazimisha kuvuka kabla ya wakati, gemu inakupa nyota nne papo hapo. Yaani kwa hesabu ya kanuni, kuvuka mpaka wa mkoa ukiwa mikono mitupu ni kosa kubwa kuliko kumpiga risasi askari mmoja wa doria. Najua sababu ya kiufundi: walihitaji ukuta, na polisi ndio ukuta waliokuwa nao. Lakini mchezaji hasomi sababu za kiufundi. Anajifunza kwamba nyota hazihusiani na uzito wa kosa, na akishajifunza hivyo, neno "polisi" linapoteza maana ambayo hadithi inalihitaji liwe nayo.

"Si wewe ndiye uliyechagua?"

Utetezi wa kwanza unaosikika hapa ni kwamba gemu haikumlazimisha mtu kuua askari. CJ wa kwenye hadithi ni CJ anayefuata misheni. Ukiamua kuwa mkorofi kati ya misheni, huo mgongano umeuleta wewe, usiisingizie gemu. Ni hoja nzuri, na kwa gemu nyingi inatosha kabisa kufunga mjadala. Mtu akirukaruka juu ya meza wakati mhusika mwingine anaomboleza, kosa si la mwandishi.

Kwa San Andreas hoja hiyo inakufa kwenye misheni moja, "Reuniting the Families". Hii si ya hiari, huwezi kuimaliza hadithi bila kuipita. Magenge ya kijani yamekutana kwenye Jefferson Motel kupatana. Polisi wanavamia na helikopta. Sweet, kaka yake CJ, yuko ndani, na CJ anaingia kumtoa. Ili upite, inabidi upigane na askari wa kikosi maalumu chumba kwa chumba, upande juu ya paa, upambane na waliomo kwenye helikopta, halafu uingie kwenye gari linaloendeshwa na Big Smoke, mwenzao wa mtaani, na kuanza kufyatulia risasi magari na pikipiki za polisi zinazowafuata nusu ya mji. Ni misheni tamu sana, mimi mwenyewe niliirudia. Lakini hesabu miili. Halafu angalia kinachofuata: wanafika salama, wanaagana, kila mtu anakwenda kwake. Hakuna anayemtafuta CJ kwa sababu ya askari wa Jefferson. Tenpenny, mtu ambaye riziki yake ni kumshikia CJ kesi ya kuua askari, hamtishi kwa hao wote ambao safari hii CJ kweli amewaua. Anaendelea na Pendelbury, ambaye CJ hakumgusa.

Hapo hakuna tena wa kumlaumu kati ya wachezaji. Mwandishi wa sinema na mpangaji wa misheni wameuza kitu kimoja kwa bei mbili, na wamemlazimisha mteja anunue kwa zote.

Utetezi wa pili ni wa akili zaidi na ninauheshimu. Unasema: hii ndiyo maana yenyewe ya hadithi. Los Santos ni mji ambao sheria imeoza. Askari wakifa hakuna anayehesabu, kwa sababu wakubwa wao wenyewe hawajali. Pendelbury ana thamani kwa sababu tu Tenpenny ameamua awe na thamani. Kwa hiyo karakana ya dola 100 na kituo cha polisi kinachotema watu baada ya sekunde chache ni kejeli ya makusudi juu ya polisi wanaonunulika, na hakuna mgongano wowote.

Ningependa iwe hivyo, kwa kuwa ingekuwa gemu ya ajabu. Lakini tafsiri hiyo inahitaji mtu mmoja akubaliane nayo, naye ni CJ. Kama mji umeoza kiasi kwamba kila kesi inafutika kwa rangi ya gari, basi CJ, ambaye amezifuta hamsini, angekuwa wa kwanza kujua. Siku moja angemcheka Tenpenny usoni. Hamcheki. Kwenye kila sinema anaishi kama mtu wa mji ambao kesi ya askari haifutiki. Kejeli inafanya kazi pale ambapo angalau mhusika mmoja analiona pengo lililopo, na hapa pengo analiona mchezaji peke yake, akiwa amekaa kwenye kochi.

Si kila tofauti ni mgongano

Hapa ndipo nawageukia wenzangu wa upande wa lawama, maana nao wanazidisha. Mtu anakula piza na damu inarudi, wanasema gemu inajipinga. CJ anabeba bunduki nane bila begi, wanasema inajipinga. Anavaa suti ya kijani kwenye sinema ya huzuni, wanaandika aya tatu. Hivyo vyote ni mapatano kati ya gemu na mchezaji, kama vile kwenye jukwaa la maigizo mtu akigeuka kushoto tunakubali kwamba amefika Tanga. Hadithi haikutegemea kamwe kwamba CJ hawezi kubeba bunduki nane. Hakuna sinema ambayo analia kwa sababu amekosa pa kuiweka ya tisa.

Mimi natumia vipimo viwili kabla sijaita kitu mgongano. Kwanza, hadithi na kanuni ziwe zimekipa bei kitu kile kile. Pili, uzito wa hadithi uwe umelazwa juu ya bei hiyo, kiasi kwamba ukiitoa hadithi inaanguka. Piza inafeli kwenye cha pili. Kifo cha askari kinapita kwenye vyote. Toa hofu ya kesi ya Pendelbury, na mwanzo wa San Andreas hauna sababu ya CJ kumtii Tenpenny hata siku moja.

Na kwa nini hawakupandisha tu bei kwenye kanuni? Wangefanya kuua askari kuwa kosa lisilofutika, basi. Tatizo ni kitu kidogo ambacho kila mchezaji anacho: faili aliyohifadhi. Tuseme ukimuua askari CJ anafungwa miaka kumi na gemu inakwisha. Utafanya nini? Utafungua faili ya mwisho uliyohifadhi na kuanza dakika ishirini nyuma. Adhabu ya miaka kumi imegeuka kuwa adhabu ya dakika ishirini za kurudia ulichokwisha kufanya, na kinachobaki ni kero bila hofu yoyote. Wabunifu wanalijua hili, ndiyo maana wanashusha adhabu mpaka iwe nyepesi kuliko usumbufu wa kurudi nyuma: silaha, pesa kidogo, safari ya kutoka hospitali. Ndani ya gemu ya mji ulio wazi, sheria haiwezi kuwa nzito. Haijalishi mwandishi ana kipaji gani, akiegemeza hofu ya mhusika wake kwenye sheria, ameegemea ukuta wa makuti.

Sweet

Kinachonifanya niipende San Andreas pamoja na haya yote ni kwamba katikati yake tatizo linapata dawa, na sidhani dawa hiyo inasifiwa inavyostahili.

Misheni ya "The Green Sabre" inageuza kila kitu. CJ anagundua kwamba Big Smoke na Ryder, mwenzao mwingine wa mtaani, wamewasaliti. Sweet anapigwa risasi, anakamatwa. CJ naye anatekwa na kikosi cha Tenpenny, anapelekwa porini na kutupwa karibu na kijiji cha Angel Pine. Na hapa Tenpenny anabadilisha kabari. Zamani alikuwa ameshika bunduki ya Pendelbury. Sasa anamshika Sweet: kaka yako yu hai, yuko mikononi mwetu, na sisi ndio tutakaoamua anafungwa na akina nani. Usipotii, atalala chumba kimoja na Ballas.

Jaribu kuitafuta bei ya Sweet kwenye daftari. Haipo. Hakuna karakana inayomtoa jela. Huwezi kuvamia gereza, kwa sababu hakuna gereza la kuvamia. Unaweza kukusanya mamilioni kwa kubeti farasi na hayatamtoa. Ukifungua faili ya zamani, utakuta Sweet yuko huru kwa sababu tu hujafika mbele, na njia pekee ya kwenda mbele inapita kwenye kukamatwa kwake. Hofu imehamishwa kutoka mahali ambapo vitufe vinafika, ikapelekwa mahali visipofika. Tenpenny anapomwamuru CJ apande Mount Chiliad akamuue shahidi anayelindwa na maofisa wa serikali na alete picha ya maiti, unakwenda, na safari hii unaelewa kwa nini CJ anakwenda. Wewe mwenyewe huna la kufanya, kama yeye.

Na kanuni nazo zinasaidia. Kabla ya usaliti ulikuwa umeanza kuteka mitaa, ramani yako ina vipande vya kijani ulivyovipigania kimoja kimoja. Baada ya "The Green Sabre" vimekwenda, na huwezi kupigana kuvirudisha mpaka hadithi itakaporuhusu. Sinema haikuhitaji kukueleza kwamba Grove Street imeanguka, maana ulikuwa na kitu na sasa huna. Kibao na daftari vimesema neno moja. Karibu na mwisho, gemu inakudai takriban asilimia 35 ya mitaa kabla haijakupa misheni ya mwisho, na kila mtaa unaouteka unakuwa kazi ile ile ambayo Sweet anaipigia kelele kwenye sinema.

Kwa hiyo nikiulizwa kama hadithi na uchezaji wa San Andreas vinapingana, jibu langu ni ndiyo, kwenye jambo la sheria, tangu teksi ya kwanza mpaka Angel Pine, na wala si kwa bahati mbaya ya mchezaji. Kwenye jambo la ndugu na mtaa, hapana. Anayesema gemu nzima ni uongo amekosea sawa na anayesema ni gemu tu.

Kuna misheni inaitwa "Home Coming". Baada ya kazi nyingi jangwani kwa mtu wa serikali anayeitwa Toreno, hatimaye Sweet anaachiwa, na CJ anakwenda kumchukua kwenye kituo cha polisi cha Pershing Square, katikati ya Los Santos. Unapaki gari, Sweet anatoka. Nilipofika pale mara ya kwanza niliutambua ule mlango. Ndipo gemu ilipokuwa ikinisimamisha kila nilipokamatwa Los Santos, mara zisizo na idadi, sekunde chache baada ya neno BUSTED kufutika. Mlango ule ule ulimchukua Sweet nusu ya gemu kuutoka.